Andiko la maonyesho lililorudishwa: kisa cha "Kiraka" mbele ya bodi ya makumbusho madogo

## Mazingira ya kisa

Nilikuwa katibu wa bodi wakati haya yanatokea, kwa hiyo maandiko yote mawili ya kuomba idhini na fedha za maonyesho yalipita mikononi mwangu: lile lililorudishwa na lile lililopitishwa. Majina, mahali na kiasi halisi cha fedha nimeviondoa. Bajeti nimeigeuza kuwa sehemu. Jumla ya andiko la kwanza naiita 100, na tarakimu nyingine zote za fedha zinapimwa kwa hiyo.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Yana ukumbi mmoja wa maonyesho ya muda wenye mita za mraba 90, ujia mfupi wa kuingilia, stoo, na wafanyakazi wanne wa kudumu. Bodi ilikuwa na watu saba, wote wa kujitolea. Mweka hazina alikuwa mhasibu mstaafu, mmoja mwalimu, mmoja mwanasheria, na kati ya wote saba hakuna aliyewahi kuandaa maonyesho. Ndivyo bodi ndogo zilivyo.

Msimamizi wa maonyesho alikuwa katika mwaka wake wa pili kazini. Siku moja akikagua stoo alikuta sahani mbili za kauri za seti moja, zote zilizowahi kuvunjika. Ya kwanza ilikuwa imeunganishwa kwa pini za chuma mgongoni. Fundi wa zamani alitoboa vijishimo visivyopenya hadi upande wa pili, akaingiza pini zilizokunjwa ncha, zikavibana vipande mpaka leo. Ya pili nayo iliwahi kuwa na pini kama hizo, lakini mhifadhi mmoja wa miaka ya nyuma alizing'oa, akagandisha vipande kwa gundi, akajaza vijishimo na kuvipaka rangi. Kadi yake ya kumbukumbu ilisema neno moja tu: "imesafishwa".

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Maonyesho yataitwa "Kiraka", na yatahusu vitu vilivyoharibika vikatengenezwa, pamoja na watu waliozoea kuficha alama za matengenezo hayo, makumbusho yenyewe yakiwemo.

Nilipolisikia nililipenda papo hapo, na nadhani upendo huo ndio uliotufanya sote tusisome andiko la kwanza kwa makini kabla ya kikao.

## Andiko la kwanza

Lilikuwa na kurasa 22. Tisa za mwanzo zilieleza dhamira, na zilikuwa nzuri kusoma. Baada yake ilikuja orodha ya vitu 46: 27 vya makumbusho, na 19 vya kuazima kutoka kwa wamiliki saba. Maonyesho yangedumu wiki 26. Bajeti ilikaa nusu ukurasa: makabati na stendi 18, usafiri na bima 14, uzinduzi 16, matangazo 20, lebo na machapisho 12, ujira 10, mengineyo 10. Walengwa walipewa aya moja iliyosema maonyesho ni ya "watu wa rika zote wenye kupenda urithi".

Kikao kilichukua saa mbili na karibu chote kiliishia kwenye fedha. Mjumbe mmoja alitaka jumla ishuke hadi 75 na akapendekeza kila fungu lipunguzwe robo. Msimamizi alijibu kwamba haiwezekani, lakini hakuweza kusema kwa nini. Alirudi kwenye dhamira akaieleza upya, kwa ufasaha uleule, kwa watu ambao tayari walikuwa wameikubali.

Kisha mweka hazina aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Mwanangu, hivi vitu 19 vya watu, kimoja kimoja kinatugharimu kiasi gani?" La pili: "Na Jumatano saa nne asubuhi, nani hasa atakuwa mle ndani?"

Msimamizi alikuwa na majibu ya juu juu. "Ndugu Mwenyekiti," akasema hatimaye, "naomba nikalifanye upya." Bodi ikampa wiki sita. Lugha ya muhtasari niliouandika ilikuwa ya upole, lakini wazi: andiko limerudishwa.

## Wiki sita za kulifumua

Msimamizi alianza na swali la kwanza la mweka hazina, na ndilo lililofungua mengine yote. Alichukua orodha ya vitu vya kuazima na kukipa kila kimoja mstari wake wa gharama. Aliandika sanduku la kusafirishia, usafiri wa kwenda na kurudi, bima tangu kitu kinapotolewa mahali pake kwa mwenyewe hadi kirudishwe palepale, ada ya mwenye mali kama ipo, nauli na malazi ya mtu atakayekisindikiza kama mwenye mali anamtaka, na saa za mhifadhi za kuandika ripoti ya hali ya kitu mara nne: kinapotoka, kinapofika, kinapoondoka, kinaporudi.

Fungu lililokuwa 14 likawa 41. Kwa hesabu hiyo andiko la kwanza halikuwa la 100 bali la 127, na hakuna aliyelijua hilo, hata mwandishi wake. Chanzo cha kosa kilikuwa kidogo: alikuwa amepiga hesabu ya usafiri kwa kila mmiliki, si kwa kila kitu, na bima aliikadiria kwa thamani alizozitaja yeye. Thamani ya bima huwekwa na mwenye mali, naye mara nyingi huiweka juu.

Kitu kimoja kilikula 13 peke yake. Kilikuwa mlango wa mbao uliopigwa viraka vya mbao na bati na mikono ya watu mbalimbali kwa miaka mingi, kitu cha kuvutia kweli, na picha yake ndiyo ilikuwa jalada la andiko. Upana wake ni sentimita 104. Msimamizi alikuwa amepima nafasi ya kuingilia ukumbini akapata 120, akaridhika. Fundi wetu wa ukumbi ndiye aliyeuliza kama 104 ni ya mlango au ya sanduku lake. Kwa povu na mbao za pande zote, sanduku lingefika karibu 130. Ingebidi lifunguliwe nje, kwenye jua na vumbi, jambo ambalo mwenye mali asingelikubali.

### Ni nguzo au ni fito?

Mlango ulimlazimisha msimamizi ajiulize jambo gumu zaidi ya vipimo: ukiondoka, maonyesho yanapoteza nini? Ili kujibu aliibana dhamira yake ya kurasa tisa hadi sentensi tatu. Kwamba kiraka huonyesha kile mwenye kitu alichokataa kukipoteza. Kwamba kitu kilichotengenezwa kina watengenezaji zaidi ya mmoja. Na kwamba makumbusho yamekuwa yakifuta ushahidi huo kwa jina la usafi.

Kisha akachukua kila kitu katika orodha na kuuliza ni sentensi ipi ingebaki bila ushahidi kikiondolewa. Kama ipo, kitu hicho ni nguzo. Kama sentensi inabaki imesimama lakini nyembamba, kitu ni fito. Kundi la tatu alilianzisha mwenyewe na kuliita akiba: vitu vyetu vya stoo vinavyoweza kuchukua nafasi ya cha kuazima kikikosekana, vikiwa vimeshakaguliwa na kupigwa picha.

Matokeo yalimshangaza. Mlango, uliokuwa jalada, ukawa fito. Sentensi ya pili ilishikiliwa vizuri na kiti cha stoo chenye miguu ya mbao za aina tatu, ambacho hakikuwa hata katika orodha ya kwanza. Sahani mbili za kauri zilikuwa nguzo isiyo na mbadala: ukiiondoa mojawapo, sentensi ya tatu inakuwa maneno matupu. Vitu 21 vya orodha ya zamani viliondoka. Vingi vilikuwa vizuri kwa macho, ila vilisema jambo lililokwisha kusemwa na kingine.

### Mwanga ukapanga kalenda

Muda wa wiki 26 ulikuwa umechaguliwa kwa sababu ndio nafasi iliyokuwapo kwenye kalenda. Lakini miongoni mwa nguzo zilikuwamo shali tatu za hariri zenye viraka, na hariri iko katika kundi la vitu vinavyoharibiwa upesi zaidi na mwanga. Mwongozo wa Tume ya Kimataifa ya Mwangaza wa mwaka 2004, chapisho namba 157, unaweka kwa kundi hilo mwanga usiozidi laksi 50 na jumla isiyozidi laksi-saa 15,000 kwa mwaka. Laksi hupima nguvu ya mwanga unaokiangukia kitu, na laksi-saa ni nguvu hiyo mara saa ambazo kitu kimekaa chini yake. Madhara ya mwanga hujumlishana, na rangi iliyopauka hairudi hata kitu kikiwekwa gizani miaka kumi.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa na yeyote. Makumbusho yanafungua siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku. Wiki 26 ni saa 1,248. Mara laksi 50 ni 62,400, zaidi ya mara nne ya kikomo. Kushusha taa zaidi si suluhisho, kwa kuwa chini ya laksi 50 wageni wanaanza kupapasa.

Msimamizi akageuza hesabu. Shali moja ikikaa wiki sita ni saa 288, yaani laksi-saa 14,400. Tuna shali tatu. Basi maonyesho ni ya wiki 18, na kila wiki sita shali inabadilishwa. Baki ya laksi-saa 600 ni saa 12 tu, sawa na saa mbili kwa wiki, na hiyo ndiyo nafasi yote iliyobaki kwa wafagiaji na mafundi wanaowasha taa kabla ya kufungua. Kwa hiyo andiko la pili lilikuwa na mstari uliowachekesha wajumbe: shuka la kufunikia kabati la shali wakati wa usafi. Lilikuwa jambo la kweli kabisa, na lilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika bajeti.

### Nani atakuwa ndani Jumatano

Kwa walengwa msimamizi alikwenda kwenye daftari la mlangoni. Alilisoma la mwaka mzima uliopita akagundua kwamba asubuhi za katikati ya wiki ukumbi ulikuwa mtupu isipokuwa siku ambazo shule ilikuwa imeomba kuja. Akaandika makundi mawili badala ya "watu wa rika zote". La kwanza ni wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, asubuhi za Jumanne hadi Alhamisi, wasiozidi 25 kwa mara moja kwa sababu ukumbi hauwezi kubeba zaidi makabati yakiwa ndani. La pili ni mafundi wenyewe: washonaji, mafundi viatu, maseremala, wachomeleaji. Hawa aliwapangia Alhamisi nne za mchana ambapo wangealikwa kuangalia na kueleza matengenezo wanayoyaona. Wageni wa kawaida wa mwisho wa wiki hakuwasahau. Aliandika tu kwamba watakuja kama wanavyokuja siku zote.

## Uamuzi wa bodi

Andiko la pili lilikuwa na kurasa nane. Ukurasa wa kwanza haukuwa na dhamira bali uamuzi unaoombwa. Vitu 31, kati yake sita vya kuazima kutoka kwa wamiliki watatu. Wiki 18. Jumla 72: kuazima 15, makabati na stendi 20, lebo 8, matangazo 8, uzinduzi 5, ujira 9, dharura 7.

Jambo lililobadilisha kikao ni jedwali moja lililoweka kitu, sentensi kinayoishikilia, na gharama yake katika mstari mmoja. Yule mjumbe aliyetaka kukata robo ya kila fungu alilitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikiikata hii, sentensi ya pili inabaki na vitu viwili?" Msimamizi akasema ndiyo. Mjumbe akaiacha. Alikuwa anauliza swali la maonyesho, si la fedha, bila kujitambua.

Bodi haikuidhinisha yote kwa mkupuo. Mwanasheria alipendekeza hatua mbili: sehemu 6 zitolewe mara moja kwa barua za kuazima, ukaguzi wa vitu na vipimo, na zilizobaki zisubiri majibu ya wamiliki. Msimamizi alikubali ingawa ilimkosesha usingizi, maana wamiliki wakubwa hutaka maombi miezi 6 hadi 12 kabla, na hakuna anayependa kuomba mali ya mtu wakati fedha ya kuisafirisha haijathibitishwa. Walikubaliana barua ziseme wazi kwamba idhini ya mwisho inasubiri jibu.

## Matokeo

Mmiliki mmoja kati ya watatu alikataa. Aliomba kumbukumbu za joto na unyevu wa ukumbi za mwaka mzima, mchana na usiku. Sisi tulikuwa na vipimo vya mkono vya saa za kazi tu. Usiku, mashine ya hewa ikizimwa, unyevu ulifika wapi hatukuwa na ushahidi, na kimoja kati ya vitu alivyoombwa kilikuwa mchoro juu ya ubao, unaoweza kupasuka unyevu unapopanda na kushuka. Vitu vyake viwili vikatoka, viwili vya akiba vikaingia ndani ya siku tatu. Maonyesho yakafunguliwa na vitu 31 vilevile kwa idadi, vinne tu vikiwa vya kuazima, na fungu la kuazima likabakiza 2.

Stendi zilizidi kwa 4, na kosa hili lilinichoma kwa sababu lilihusu kitu tulichokuwa tumekizungumzia tangu siku ya kwanza. Pini za sahani ziko mgongoni. Fundi wa zamani aliziweka huko makusudi, ili uso wa sahani ubaki safi mezani. Ukiisimamisha sahani kwenye stendi ya kawaida, mgeni anaona sahani ya kauri yenye nyufa na hakuna zaidi. Bajeti ilikuwa na stendi za kawaida. Wiki mbili kabla ya kufungua ikabidi zitengenezwe stendi zinazoshika ukingo tu, na kabati lihamishwe kutoka ukutani hadi katikati ya ukumbi ili watu walizunguke.

Lebo nazo zilizidi kwa 2. Zilichapishwa kwa herufi zilizosomeka vizuri ofisini. Kwenye laksi 50, kwa mgeni mwenye umri mkubwa aliyetoka juani dakika moja iliyopita, zilikuwa madoa ya kijivu. Zilichapishwa upya kwa herufi kubwa na nyeusi zaidi, na taa za ujiani zikashushwa kidogo ili macho yazoee kabla ya kuingia. Fungu la dharura lilibeba yote hayo. Sehemu 3 zilirudi.

Shule zilijaza asubuhi zao zote, na tatu zikakosa nafasi. Mafundi hawakuja. Alhamisi ya kwanza walifika wawili, ya pili hakufika hata mmoja.

## Uchambuzi

Jedwali la kitu, sentensi na gharama lilifanya kazi kwa sababu liliipa bodi kisu kinachokata mahali panapoeleweka. Bajeti ya mafungu haiwezi kufanya hivyo. Ukikata robo ya "usafiri na bima" hujui umeondoa nguzo au fito, na msimamizi naye hawezi kujitetea ila kwa kulalamika. Naamini hata andiko la kwanza, lenye tarakimu zake zisizo sahihi, lingejadiliwa vizuri zaidi kama lingekuwa na jedwali hilo, maana makosa ya hesabu yangeonekana hapohapo mezani.

Kundi la akiba lilituokoa, lakini nisilisifu kupita kiasi. Lilifaa kwa sababu vitu vilivyokataliwa vilikuwa fito. Kama mmiliki yule angekuwa ameshika nguzo, akiba isingetosha na maonyesho yangepaswa kuahirishwa. Kwa bahati, kila nguzo ilikuwa mali yetu au ya mmiliki aliyekwisha kukubali kwa barua. Andiko halikuliweka hilo kama sharti. Lilipaswa kuliweka.

Makosa ya stendi na lebo yana asili moja. Andiko lilieleza kila kitu kinamaanisha nini, halikueleza kinaonekanaje: upande upi, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani. Safu moja zaidi katika lile jedwali, yenye maneno machache kama "mgongo uonekane, kabati katikati", ingelikamata kosa la sahani miezi mitano mapema, wakati kabati lilipokuwa bado mchoro wa penseli.

Kuhusu mafundi, nadhani tulijidanganya kwa pamoja. Msimamizi alilijibu swali la Jumatano saa nne kwa kuwataja watu, na sisi tukaridhika kwa kuwa hatimaye walikuwa na jina. Hakuna aliyeuliza kama mtu anayelipwa kwa kazi anazomaliza siku hiyo anaweza kufunga kibanda Alhamisi mchana aje kutazama viraka. Daftari la mlangoni lilituambia nani huja. Kuhusu wasiokuja halikuwa na la kusema, na hao walihitaji kuulizwa ana kwa ana kabla ya tarehe kuwekwa. Alhamisi ya tatu na ya nne zilifutwa, badala yake ukumbi ukafunguliwa Jumapili moja jioni. Walikuja 14. Mshona viatu mmoja alisimama mbele ya sahani yenye pini kwa muda mrefu, akazunguka nyuma, akarudi mbele, kisha akamuuliza msimamizi: yule aliyeng'oa pini za ile ya pili alizitupa wapi?

Hazikutupwa. Zilipatikana baada ya maonyesho kufungwa, kwenye bahasha ndani ya droo ya kadi, pini saba bila maelezo. Sasa zina namba yao ya kumbukumbu. Ukumbini kimewekwa kirekodi cha joto na unyevu kinachopima usiku na mchana, na barua ya pili kwa yule mmiliki aliyekataa itaandikwa kirekodi kikitimiza miezi 12.